Kiinua mgongo: miaka 11 na miezi 8 kazini, nimeandikiwa 1,213,333. Hesabu hii iko sawa?

Mlinda Stoo, Mtwara
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya maghala hapa Mtwara mjini. Nilianza 1 Machi 2013. Mwezi wa kumi tukaitwa watu tisa, tukaambiwa kazi zimepungua, tukapewa barua ya siku 28, na tarehe 31 Oktoba 2024 ikawa mwisho wetu.

Leo nimeitwa kwenda kusaini. Mshahara wa kwenye mkataba ni 520,000, juu yake kuna posho ya nyumba 80,000 na usafiri 60,000, jumla 660,000. Mimi nilishajipigia hesabu nyumbani na mama watoto: 660,000 mara miaka 11 ni 7,260,000. Tukawa tumeshanunua bati kwa macho. Karatasi ya ofisini kwenye mstari wa kiinua mgongo inasema 1,213,333 tu. Mhasibu hataki kueleza, anasema "ndiyo sheria". Sijasaini. Naomba mwenye kujua anifumbue macho.

Dalali wa Ufuta
Umeibiwa mchana kweupe. Mshahara wa mwisho mara miaka yote uliyofanya, hiyo ndiyo kanuni dunia nzima. Shemeji yangu Dar alipewa mwezi mmoja kwa kila mwaka, akanunua bajaji mbili. Usisaini!

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea
Kijana, pole. Mimi nimestaafu ualimu 2023. Hesabu yetu inakwenda kwa miezi ya utumishi, unagawa kwa 580, halafu mkupuo unatolewa kwa asilimia, kinachobaki ndiyo pensheni ya kila mwezi. Nenda PSSSF na barua yako ya kuajiriwa ya kwanza, wakikuambia faili halionekani usiondoke.

Mlinda Stoo, Mtwara
Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa kampuni binafsi, makato yangu yalikuwa yanakwenda NSSF.

Katibu wa Tawi Mstaafu
Mwalimu yuko sahihi kwa watumishi wa umma, lakini huo ni mlango mwingine kabisa. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi miaka mingi, karatasi za namna hii nimezisoma nyingi kuliko barua za mapenzi. Twende taratibu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 42, inasema mwajiri akikuachisha, na umeshatimiza miezi 12 mfululizo, akulipe angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka 10. Siku saba, siyo mwezi. Ndugu Dalali, shemeji yako alipata mwezi kwa mwaka kwa sababu kwao ama kulikuwa na mkataba wa hali bora au kampuni ilikubali kutoa mkono wa kwaheri. Hayo ni makubaliano. Kama hayajaandikwa popote, hudai.

Kwa hiyo Mlinda Stoo, miezi yako 8 inaanguka kwa sababu haijakamilisha mwaka. Unabaki na 11. Na hata 11 inakatwa, inabaki 10. Najua inauma. Posho nazo hazimo: kinachotumika ni mshahara wa msingi, yaani ile 520,000 ya siku unaondoka.

Sasa hapa ndipo mhasibu wako alipoteleza, au alipotelezea makusudi. Amechukua 520,000 akagawa kwa 30, akapata 17,333 kwa siku. Mara 7, mara 10, ndiyo hiyo 1,213,333. Jedwali la kwanza la sheria halisemi ugawe kwa 30. Linasema mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha ugawe kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Ulikuwa unafanya siku ngapi?

Mlinda Stoo, Mtwara
Sita. Jumatatu mpaka Jumamosi. Msimu wa korosho hata Jumapili, ila hiyo walilipa ovataimu.

Katibu wa Tawi Mstaafu
Ovataimu iache, haiingii. 520,000 kwa 4.333 ni kama 120,000 kwa wiki. Gawa kwa 6, unapata 20,000 kwa siku. Siku 7 ni 140,000. Mara miaka 10 ni 1,400,000. Wamekupunja 186,667. Siyo milioni saba ulizoota, lakini ni bati kadhaa.

Dalali wa Ufuta
Ngoja, mwezi una siku 30, kwa nini kugawa kwa 30 kuwe kosa? Na kwa hesabu yako aliyefanya siku 5 kwa wiki analipwa zaidi ya huyu wa siku 6?

Katibu wa Tawi Mstaafu
Siku ulizopumzika hukulipwa kama siku za kazi, ndiyo maana haziingii kwenye kugawa. Na ndiyo, wa siku 5 mwenye mshahara uleule siku yake inatoka kama 24,000. Nimewahi kusikia mawakili wa waajiri wakilibishia hilo, wakidai siku 7 zichukuliwe kama wiki moja tu. Kwa jedwali lilivyo mimi nahesabu hivi, wao wataleta hoja yao.

Binti Masasi
Mimi nimefanya miaka 6 dukani, mwezi wa saba niliandika barua ya kuacha mwenyewe sababu ya mtoto. Nami nidai siku 7 mara 6?

Katibu wa Tawi Mstaafu
Hapana dada, kiinua mgongo hiki ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu kihalali naye hapati. Lakini likizo ambayo hukwenda na siku ulizofanya mwezi wa mwisho ni haki yako hata ukiacha mwenyewe.

Mbanguaji
Na sisi wa kubangua korosho? Kila msimu mkataba mpya, ukiisha mnaambiwa mtaitwa. Huu wangu msimu wa nane.

Katibu wa Tawi Mstaafu
Mkataba ukiisha kwa muda wake wenyewe, kiinua mgongo hakipo. Kama misimu minane iliyofuatana inaweza kuhesabiwa utumishi mmoja, hapo nisikudanganye, inategemea mikataba inasemaje na mlikaa nje muda gani. Beba yote minane umwoneshe mtu anayejua.

Mlinda Stoo, Mtwara
Katibu, Mungu akuweke. Nimefungua mkataba sasa hivi, umeandika "kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria", basi. Nifanyeje kesho?

Katibu wa Tawi Mstaafu
Andika barua fupi, weka ile hesabu ya 20,000 mara 7 mara 10, peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri. Angalia pia likizo zako na cheti cha utumishi. Usisaini palipoandikwa "sina madai mengine". Wakigoma, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapo Mtwara, unajaza Fomu Namba 1. Angalia tarehe: ukipinga kuachishwa kwenyewe una siku 30 tangu siku uliyoachishwa. Malipo pekee ni siku 60. Na NSSF kaulizie fao la kukosa ajira, kama umechangia angalau miezi 18. Hiyo haihusiani na mwajiri.

Mlinda Stoo, Mtwara
Mrejesho. Mhasibu ameisoma barua mara mbili, akapiga kalkuleta yake, akasema atapeleka makao makuu Dar. Muhuri amegonga. Likizo wameandika siku 14, mimi nahesabu 21, fomu za likizo ziko kwenye kabati la ofisi na ufunguo anao yeye.

Dalali wa Ufuta
Wenzako wanane je, wameshasaini?

Mlinda Stoo, Mtwara
Sita wameshasaini.