Picha ya Landsat iliyonolewa: iingie kwenye takwimu za mashamba au ibaki kwenye ramani tu?

Swali

Tunapima NDVI, fahirisi ya mimea inayopatikana kwa infraredi kutoa nyekundu, ukigawa kwa jumla yake, kwenye majaruba ya mpunga ya Lower Moshi kwa msimu wa 2014, kabla Sentinel-2 haijarushwa. Jaruba ni mita 100 kwa 30, na pikseli ya Landsat 8 ni mita 30. Wenzangu wanataka tunoe bendi zote, yaani tuziongezee undani kwa pankro, bendi ya 8 ya mita 15, ndipo tupige NDVI, kisha hizo zilizonolewa ndizo ziwekwe kwenye hifadhi ya pamoja. Wengine hawataki kabisa. Nani yuko sahihi?

Kipimo

Mimi niko upande wa wanaokataa, na sababu iko kwenye bendi ya 8 yenyewe. Inapokea mwanga wa takriban mikromita 0.50 hadi 0.68, yaani kijani na nyekundu. Infraredi ya karibu, bendi ya 5, iko kati ya 0.85 na 0.88. Undani wa mita 15 mtakaoutia kwenye bendi ya 5 utakuwa umetoka kwenye bendi ambayo haikuiona infraredi hata chembe. Penye lami na mabati si tatizo kubwa, kwa kuwa kinachong'aa kwenye nyekundu mara nyingi hung'aa kwenye infraredi pia. Kwenye mpunga mambo hugeuka. Mpunga uliostawi ni mweusi kwenye pankro na unang'aa kwenye infraredi, huku udongo mkavu wa jaruba lililovunwa ukiwa mweupe kwenye pankro.

Chukueni pikseli moja ya mita 30 iliyokaa juu ya tuta, nusu mpunga, nusu udongo. Nitatumia namba za mfano. Mpunga una uakisi wa 0.05 kwenye nyekundu na 0.40 kwenye infraredi; udongo una 0.20 na 0.28. Setilaiti inaona wastani: 0.125 na 0.34. Pankro ya mita 15 inazitenganisha: 0.07 juu ya mpunga, 0.17 juu ya udongo, wastani 0.12.

Sasa noeni kwa Brovey, ambayo huzidisha kila bendi kwa uwiano wa pankro na wastani wake. Juu ya mpunga uwiano ni 0.07 kwa 0.12, yaani 0.583. Infraredi inakuwa 0.198, wakati ukweli ni 0.40. Juu ya udongo inakuwa 0.482, wakati ukweli ni 0.28. Jaruba tupu limeng'aa kuliko lenye mpunga, tena mara mbili na zaidi. Na NDVI je? Nyekundu na infraredi zimezidishwa kwa namba ileile, kwa hiyo kizidishi kinajifuta na NDVI inabaki 0.46 pande zote mbili za tuta. Ile ya kweli ni 0.78 kwa mpunga na 0.17 kwa udongo. Mmepata faili kubwa mara nne lenye NDVI ileile ya mita 30.

Mchoraramani

Hapo Kipimo unazidisha. Nimenoa Landsat 8 kwa Brovey na NDVI ilibadilika kwenye mipaka ya mashamba, tena kwa mwelekeo sahihi: penye mimea ilipanda, penye udongo ilishuka. Nilichukua pia matokeo nikayarudisha mita 30 kwa wastani, yakalingana na picha asilia karibu kila mahali. Kama undani ni wa uongo, mbona hesabu inafunga?

Kipimo

Ndugu, hoja zako mbili zinajibika kila moja kivyake.

NDVI yako ilibadilika kwa sababu ulinoa namba ghafi za faili badala ya uakisi. Kwenye Landsat Collection 2 Level-1, uakisi ni namba ghafi mara 0.00002, kutoa 0.1, kisha unagawa kwa sini ya pembe ya mwinuko wa jua, ambayo kwenye NDVI inajifuta. Ile 0.1 ndiyo inayoleta mambo. Kwa mfano wetu, nyekundu ya 0.125 ni namba ghafi 11250, infraredi ya 0.34 ni 22000, na pankro ya 0.07 na 0.12 ni 8500 na 11000. Uwiano sasa ni 0.773 badala ya 0.583. Zidisha, kisha rudisha kwenye uakisi: nyekundu 0.074, infraredi 0.24, NDVI 0.53. Upande wa udongo inatoka 0.43. Kwa hiyo ndiyo, imepanda na kushuka kama ulivyoona, lakini iliyoisukuma ni 0.1 ya kwenye fomula. Ukibadilisha kuwa uakisi kwanza, mabadiliko hayo yote yanatoweka.

Kuhusu wastani: 0.198 na 0.482 wastani wake ni 0.34, sawasawa na picha asilia. Kipimo cha kurudisha mita 30 kinakamata rangi iliyohama, ila hakikamati nusu mbili zilizobadilishana nafasi.

Mchoraramani

Nakubali hilo la namba ghafi. Lakini Brovey si njia pekee. Zile za kujumlisha, Gram-Schmidt na ndugu zake, zinaongeza tofauti ya pankro badala ya kuzidisha. Kwa namba zako mwenyewe tofauti ni 0.05. Toa 0.05 upande wa mpunga: nyekundu 0.075, infraredi 0.29, NDVI 0.59. Ongeza upande wa udongo: 0.175 na 0.39, NDVI 0.38. Zote mbili zimesogea karibu na ukweli kuliko 0.46. Kama lengo ni NDVI, njia hii inasaidia.

Kipimo

Hesabu yako ni sahihi, na hapo ndipo mtego ulipo. NDVI imesogea kwa sababu nyekundu imerekebishwa vizuri. Infraredi bado imepinduka, 0.29 penye mpunga na 0.39 penye udongo. Mtu atakayechukua faili hilo kupiga fahirisi nyingine, au kulifunzia kiainishi cha mazao, atapokea bendi ya 5 iliyo kinyume kwenye kila tuta bila onyo lolote.

Isitoshe, Gram-Schmidt haiongezi 0.05 kwa kila bendi. Inaongeza kwa kizidishi kinachopatikana kutokana na jinsi bendi ile inavyokwenda pamoja na pankro katika picha nzima. Mawingu yanang'aa kwenye bendi zote, kwa hiyo picha yenye mawingu hukipa kizidishi cha infraredi alama chanya hata kama shambani uhusiano ni hasi. Ukikata mawingu, au ukikata kipande chenye mpunga peke yake, unapata namba nyingine na NDVI nyingine kwa jaruba lilelile. Kwa ramani hilo linavumilika, kwa takwimu halivumiliki.

Mtu wa Mifereji

Sielewi ugomvi. Mimi nanoa kila siku kuchora mifereji na barabara za mashambani na inanisaidia sana. Mfereji ambao kwenye mita 30 ni ukungu, kwenye 15 unaufuata kwa macho. Amri ya programu ya GDAL ni moja tu:

```
gdal_pansharpen.py B8.TIF B4.TIF B3.TIF B2.TIF rangi15.tif -r cubic
```

Kipimo

Kwa kazi hiyo hakuna anayekupinga. Muulizaji anazungumzia thamani za NDVI. Ila ukitaka kuongeza bendi ya 5 kwenye amri hiyo, angalia uzito. Usipoutaja, programu inagawa uzito sawa kwa kila bendi, hivyo infraredi inaingia kwenye wastani unaolinganishwa na pankro ambayo haina infraredi. Mimea yote inafifia na kuwa myeusi. Mpe bendi ya 5 uzito wa sifuri:

```
gdal_pansharpen.py -w 0.5 -w 0.5 -w 0 B8.TIF B4.TIF B3.TIF B5.TIF mimea15.tif -r cubic
```

Hiyo inaponya rangi ya kutazama. Ule upinduaji wa kwenye tuta unabaki palepale.

Bonde la Pangani

Kwangu mimi kunoa kumekubali. Natumia Landsat 7 ya 2001 na 2002, infraredi inatoka safi, mpaka wa mpunga unaonekana vizuri. Naona mnaiogopa tu.

Kipimo

Pankro ya Landsat 7 inafika mikromita 0.90, kwa hiyo infraredi imo ndani yake. Ndiyo maana kwako ilikubali. Hatari inakuja mkiweka 2002 na 2014 kwenye grafu moja, zote zimenolewa. Makosa ya mipakani hayatafanana, na mtu atasoma mabadiliko ya mpunga mahali ambapo kilichobadilika ni setilaiti. Kwa ulinganisho wa miaka, tumieni mita 30 kwa zote.

Muulizaji

Sasa tufanyeje na majaruba ya upana wa mita 30? Asilia nayo haitutoshi.

Kipimo

Gawanyeni kazi. Mipaka ichoreni juu ya picha ya rangi iliyonolewa, thamani zichukueni kwenye bendi asilia. Kwa jaruba la upana wa mita 30 msitegemee pikseli safi: ili pikseli moja ikae ndani bila shaka, shamba linatakiwa liwe na upana wa mita 60, tena likienda sambamba na gridi. Kwa hiyo unganisheni majaruba jirani yaliyopandwa wakati mmoja, ingizeni mpaka ndani mita 15 hadi 30, na chukueni pikseli zilizobaki humo. Mtaripoti kwa kitalu, si kwa jaruba. Kuna jambo lingine: Level-2, yenye uakisi wa ardhini, haiji na bendi ya 8. Msinoe bendi za Level-2 kwa pankro ya Level-1, kwa sababu ukungu wa angani umeondolewa upande mmoja tu.

Na anayetaka kuthibitisha njia yake, afanye jaribio la Wald la 1997: shusha pankro iwe mita 30, bendi ya 4 na ya 5 ziwe mita 60, noa kurudi 30, kisha linganisha na bendi asilia. Msitazame wastani wa picha nzima. Tengeni pikseli za mipakani na mzipime peke yake.

Mchoraramani

Jaribio hilo linakwambia habari za mita 60 kwenda 30. Jaruba la mita 30 kwenye picha ya mita 60 ni mchanganyiko mtupu, kwa hiyo litafeli hata kama njia ingefaa kwenye 15. Huwezi kuifunga kesi kwa hilo.

Kipimo

Ni kweli, jaribio linaweza kuwa kali kupita kiasi kwa mashamba haya. Likifaulu nitaiamini njia zaidi kidogo. Likifeli, sitadai limethibitisha kila kitu.

Afisa Ugani

Mimi nasimama upande wa wanaotaka zilizonolewa ziwe kwenye hifadhi. Wengi wetu hatuna GDAL wala muda wa kuhesabu uzito. Nikienda kwa wakulima nahitaji karatasi ambayo mtu analiona jaruba lake. Mkiweka asilia pekee, mtakuwa mmetufungia mlango.

Kipimo

Dada, picha ya rangi tatu ya mita 15 iwekwe, hilo naliunga mkono, ikiwa kwenye biti 8 na jina lake likisema ni ya kutazama. Ninachokataa ni bendi ya 5 iliyonolewa kukaa kwenye folda moja na vipimo.

Mchoraramani

Na mimi nakataa kuificha. Iwekwe na maelezo yake: njia, uzito, eneo lililokatwa, na kama mawingu yaliondolewa kabla. Anayejua kusoma atajua matumizi yake.

Afisa Ugani

Maelezo hukaa kwenye faili la pembeni, na faili la pembeni ndilo la kwanza kupotea picha inapotumwa kwa simu. Bendi hiyo ikiwepo, itatumika bila maelezo.