2N3819: dreni inasoma volti 8.7 badala ya 5.4, na ukuzaji ni 2.5 tu. Naomba ushauri

Katubuka_Kgm
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, nasoma elektroniki, na natengeneza priampu ndogo ya gitaa la kwaya yetu. Gitaa ni la mbao, ndani limebandikwa piezo, ndiyo maana nimechagua FET. Piezo ukiiunganisha kwenye ingizo lenye omu chache, besi yote inapotea.

Saketi ni ya sosi ya pamoja: betri ya sola ya volti 12, geti imeshushwa chini kwa 1M, sosi ina 1k, dreni ina 3.3k. Sambamba na ile 1k ya sosi kuna kapasita iliyoandikwa 104.

Hesabu nilifanya kwa Idss ya miliampia 8 na Vp ya volti -4, namba za mfano wa darasani. Geti iko sifuri, kwa hiyo Vgs ni Id mara 1k, kwa alama ya kutoa. Nikaingiza kwenye kanuni nikapata Id² − 10·Id + 16 = 0, majibu mawili: 2 na 8. Nikaiacha 8, kwa sababu ingepandisha sosi hadi volti 8, na transista hii ingekuwa imeshajifunga tangu volti 4. Ikabaki miliampia 2, dreni ikae 12 − 6.6 = 5.4. Na gm ikatoka miliampia 2 kwa kila volti, ukuzaji mara 6.6.

Mezani dreni inasoma 8.7 na sosi 1.0. Kwenye oskiloskopu ya chuo, kwa hezi 1,000, naingiza milivolti 50 zinatoka 125, wimbi limepinduka kama inavyotakiwa. Transista ni mbovu?

Fundi_Kiloleni
Mkondo wako ni mdogo, ndiyo maana gm imelala. Toa 1k kwenye sosi weka 470. Mkondo utapanda, dreni itashuka karibu na kati, ukuzaji utaongezeka. Hapa Tabora priampu zangu zote za FET naziweka hivyo.

Mwanga_Sauti
Mimi nina IRF540 nilizotoa kwenye inveta iliyoungua. Nikiweka moja badala ya hiyo 2N3819, si itakuza zaidi? Na amplifaya yangu ya spika inavuma nikiwasha jenereta, labda ni tatizo hilihili.

Mama_Kitete
Katubuka mdogo wangu, transista yako ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni kuipima kabla ya kuipigia hesabu. Datashiti ya 2N3819 inasema Idss ni kati ya miliampia 2 na 20. Pengo la mara kumi! Ile 8 ya darasani ni ya transista fulani, si ya hiyo uliyoishika.

Ipime hivi. Toa ile 3.3k, unganisha geti na sosi moja kwa moja chini, kisha pitisha volti 12 kupitia multimita ya miliampia hadi dreni. Unachosoma ndiyo Idss. Soma haraka, maana ikipata joto namba inatambaa. Ile 3.3k lazima itoke: miliampia 4 tu zingehitaji volti 13.2 juu yake, ambazo betri haina, na ungesoma kikomo cha rezista ukidhani ni cha transista. Halafu rudisha geti chini na uweke 1M kwenye sosi. Mkondo utabanwa karibu na sifuri, na volti utakayoiona kwenye sosi itakaribia sana Vp.

Ila hata bila kupima, sosi yako imeshasema jambo. Volti 1.0 juu ya 1k ni miliampia 1, na 3.3k zikila volti 3.3 unabaki na 8.7. Namba zako mbili zinapatana, kwa hiyo rezista na betri ni salama.

Katubuka_Kgm
Shikamoo mama. Nimepima leo: Idss ni kama 4.0, na sosi kwenye 1M inakaa karibu volti 2.

Mama_Kitete
Marahaba. Basi ziingize:

```
Id = Idss × (1 − Vgs/Vp)²
gm = (2 × Idss / |Vp|) × (1 − Vgs/Vp)
```

Kwa Vgs ya -1 na Vp ya -2, mabano ni nusu. Id ni 4 × 0.25 = 1, ndiyo uliyoiona mezani. Sasa angalia gm: 2 × 4 / 2 ni 4, mara nusu ni 2. Ni ileile uliyoipata kwa transista ya darasani, ingawa mkondo ni nusu yake! Ndiyo maana simuungi mkono ndugu yangu wa Kiloleni anapolaumu mkondo. Ukuzaji wako bado ulitakiwa kuwa 6.6.

Aliyeula ni kapasita ya sosi. 104 ni maikrofaradi 0.1, na kwa hezi 1,000 inazuia kama omu 1,600, kubwa kuliko hiyo 1k inayotakiwa kurukwa. Wimbi linabaki juu ya sosi na kupunguza Vgs. Kama kapasita isingekuwepo kabisa ungepata 6.6 / (1 + 2 × 1) = 2.2. Wewe umepata 2.5, maana yake inasaidia kidogo mno. Ukitazamwa kutoka kwenye sosi, upinzani ni 1k sambamba na 1/gm, yaani 500: jumla kama omu 333. Maikrofaradi 47 zitakupa hadi chini ya hezi 20, na nyuzi za gitaa zote zimo. Chanya iende kwenye sosi.

Wa Mwanga, IRF540 haifungui mpaka geti iwe juu ya sosi kwa volti kadhaa. Ukiipachika hapo, geti ikiwa sifuri, italala tu. Uvumaji wa jenereta ufungulie uzi wake, usichanganye.

Fundi_Kiloleni
Nimekuelewa kuhusu kapasita, dada. Lakini 470 bado ina faida. Nimepiga kwa Idss 4 na Vp -2: Id inakuwa kama 1.58, dreni 6.8, gm 2.5, ukuzaji 8.3. Na dreni ikiwa 6.8 wimbi lina nafasi juu na chini. Kwenye 8.7 juu kumebaki volti 3.3 tu.

Mama_Kitete
Hesabu yako ni sahihi, na kwa transista hiyo ningeiweka hivyo. Lakini akija kupachika yenye Idss ya 15, 470 itamshushia dreni mpaka transista iache kukuza. Yenye 1k inavumilia zaidi. Hapo kila mtu na uamuzi wake.

Katubuka_Kgm
Nimeweka 47, nikaacha 1k. Milivolti 50 sasa zinatoa kama 310, sawa na mara 6.2. Ila nikiiunganisha na miksa ya kanisani inashuka chini ya 5.

Mama_Kitete
Ingizo la miksa likiwa 10k, linakaa sambamba na 3.3k yako, unabaki na kama 2.5k. Mara gm ya 2 ni 5. Na hiyo 6.2 badala ya 6.6, upinzani wa ndani wa transista kutoka dreni hadi sosi nao uko sambamba na hizo. Au Vp yako ni volti 2.1, si 2. Kwa vipimo ulivyonavyo siwezi kukutofautishia.

Fundi_Kiloleni
Ongeza FET ya pili, uchukue sauti kwenye sosi yake, miksa haitaigusa dreni ya kwanza.

Katubuka_Kgm
Ninayo 2N3819 nyingine. Naanza kwa kuipima Idss.