Majibu ya fomu hayaonekani kwenye shiti, na imeili zinawafikia baadhi tu. Nikague wapi?

Mratibu_N
Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia usajili wa semina. Watu wanajaza fomu ya Typeform: jina, imeili, namba ya simu na siku wanayotaka. Nimeiunganisha na Google Sheets kwa Zapier. Akaunti yangu ni ya bure, na Zap moja hairuhusu zaidi ya tendo moja baada ya kianzio, kwa hiyo nilitengeneza mbili. Ya kwanza inachukua jibu la fomu na kuandika mstari kwenye shiti. Ya pili inaangalia shiti, ikiona mstari mpya inatuma imeili ya kuthibitisha kupitia Gmail.

Majaribio yote yalipita vizuri. Baadaye nikaongeza safu ya "Amethibitishwa" yenye visanduku vya kutiki, nikaivuta mpaka chini. Sasa hivi majibu yanaingia Typeform, Zap History inaonyesha Success, lakini shiti haina mstari mpya. Imeili ndiyo sielewi kabisa: wengine wamepata, wengine hawajapata. Halafu namba za simu zinazoanza na sifuri zimeingia bila sifuri. Naanzia wapi?

kalamu_nyekundu
Hizo imeili zimeangukia Spam za watu. Ukituma ujumbe unaofanana kwa watu wengi ndivyo inavyokuwa. Badilisha kichwa cha habari na upunguze viungo.

Mratibu_N
Asante ndugu, ila nimeangalia folda ya Sent ya Gmail yangu. Za hao waliokosa hazimo. Hazikutoka kabisa.

Fundi Mabomba
Mkuu, fungua shiti ubonyeze Ctrl+End, au shuka mwenyewe mpaka mwisho kabisa. Kisha uniambie kuna nini kuanzia mstari wa 1001.

Mratibu_N
Aisee! Yote yako huko. Yamekaa kwa mpangilio, mstari wa 1001 kwenda chini.

Fundi Mabomba
Shiti mpya huzaliwa na mistari 1,000. Kisanduku ambacho hakijatikiwa wewe unakiona kitupu, lakini ndani yake kimebeba thamani FALSE. Ulipovuta safu ile mpaka chini, mistari yote 1,000 ikawa na kitu. Tendo la Create Spreadsheet Row linatafuta mstari wa mwisho wenye chochote na kuandika chini yake. Ndiyo maana History inasema Success, na haikudanganyi: mstari umeandikwa kweli, ila mahali usipotazama. Fomula iliyovutwa mpaka chini ikarudisha `""` nayo inaleta matokeo yaleyale, macho hayaoni kitu lakini seli haihesabiki kuwa tupu.

Dawa yake: zima Zap zote mbili kwanza. Chagua mistari isiyo na majina, bonyeza kulia, Delete rows, majibu yapande juu. Usiishie kuondoa kanuni ya visanduku kwenye Data validation, maana maneno FALSE yanaweza kubaki kwenye seli na ukawa hujatibu kitu. Safu ya kutiki igeuze iwe ya neno, uandike "Ndiyo" kwa mkono ukishathibitisha. Haipendezi kama tiki, lakini haisumbui.

dada_wa_takwimu
Na hizo sifuri: chagua safu nzima ya simu, nenda Format, Number, Plain text. Sifuri zitarudi.

Fundi Mabomba
Dada, kwa majibu yajayo uko sahihi. Za zamani hazirudi. Sheets iliona tarakimu tupu ikazihifadhi kama namba, na namba haina sifuri ya mbele, hivyo hakuna kilichofichwa cha kurudishwa. Hizo azichukue upya kwenye majibu yaliyobaki Typeform. Muhimu achague safu kwa herufi yake ya juu, asichague seli zenye data peke yake, ili hata mistari itakayoongezwa ikute safu imeshakuwa ya maandishi.

Juma wa Skripti
Mimi nilishaacha kulipia vitu hivi. Fomu yangu ni Google Forms, majibu yanaingia shiti yenyewe, na skripti fupi ya Apps Script inatuma imeili:

```
function ikijazwa(e) {
  const kwa = e.namedValues['Imeili'][0];
  MailApp.sendEmail(kwa, 'Tumepokea', 'Usajili umefika.');
}
```

Unaiwekea kianzio cha On form submit, basi. Akaunti ya kawaida ya Gmail inakupa wapokeaji 100 kwa siku. Wewe ungeweka onEdit kwenye shiti yako, mchezo umekwisha.

Fundi Mabomba
Juma, kwako inafanya kazi kwa sababu fomu na shiti ni za nyumba moja. Kwake haitafanya. On form submit inasubiri Google Forms, na onEdit inaamka mtu akihariri kwa mkono. Mstari ulioingizwa na programu nyingine hauiamshi. Ataweka skripti, ataijaribu kwa kuandika mwenyewe, itaitika, halafu majibu halisi yakija itakaa kimya.

Mratibu_N
Nimefuta ile mistari, majibu yamepanda. Bado imeili. Kwa nini wengine walipata?

Fundi Mabomba
Kabla sijajibu: huwa unaipanga shiti kwa jina au kwa siku?

Mratibu_N
Ndiyo, karibu kila asubuhi, ili nione nani anakuja lini.

Fundi Mabomba
Basi hapo ndipo ninapopashuku. Zap inayosubiri mstari mpya inahitaji shiti iliyotulia. Zapier wenyewe wanashauri usipange, usifute mistari wala kuhamisha safu wakati Zap imewashwa. Ukipanga, mstari mpya unaweza kukaa pa ule wa zamani ukaonekana umeshashughulikiwa. Sikuapii kwamba kila aliyekosa alikosa kwa sababu hiyo, visanduku navyo vilikuwepo. Ukitaka kupanga, tumia filter view, inabadilisha unachokiona wewe na mistari inabaki mahali pake.

Lakini mimi ningeitoa shiti kwenye njia ya imeili. Zap ya pili nayo ianzie Typeform: jibu jipya, tuma Gmail. Shiti ikivurugika, imeili inaenda. Gharama ni ileile, kila jibu linakula kazi 2, na kwa kazi 100 za bure kwa mwezi una nafasi ya watu 50.

dada_wa_takwimu
Hamsini ni wachache. Hamia Make, unapewa 1,000 bure.

Fundi Mabomba
Inafaa, tena kule hatua zote mbili zinakaa kwenye mtiririko mmoja. Ila aanzie kwenye fomu, ambayo inagonga mlango yenyewe jibu likija. Akiiweka ichungulie shiti kila dakika 15, kila kuchungulia kunahesabiwa hata kama hakuna kitu. Mara 96 kwa siku, 2,880 kwa siku 30. Elfu moja inaisha kabla ya nusu ya mwezi, na huenda hajasajili hata mtu mmoja.

kalamu_nyekundu
Swali: hizo Zap mbili zikianzia Typeform, si mtu anaweza kupata imeili ya "umesajiliwa" na kwenye shiti hayupo?

Fundi Mabomba
Anaweza. Ndiyo bei ya kuzitenganisha. Ningeandika "tumepokea fomu yako" badala ya "umesajiliwa", na kila jioni nalinganisha idadi ya majibu ya Typeform na mistari ya shiti.

Mratibu_N
Nimeibadilisha ianzie Typeform. Nimejaza fomu kwa imeili yangu na ya mwenzangu, zote zimefika na mistari iko juu inapotakiwa. Waliokosa nawaandikia kwa mkono, nikilinganisha orodha na folda ya Sent. Kuna mmoja imeili yake imeishia "gmial.com", huyo itabidi nimpigie. Kuna mtu anajua kama Typeform inaweza kukamata makosa ya namna hiyo kabla mtu hajatuma?