Nimenyimwa kazi kwa swali la ratiba ya kozi, na aliyekosea ni msaili!

Wakuu, tangu jana nina hasira. Swali la usaili: una kozi 4, na jozi [a, b] maana yake a haisomwi kabla ya b. Je, zote zinaweza kumalizika? Zikidaiana kwa mzunguko haziwezi, kwa hiyo nikautafuta mzunguko kwa kuipa kila kozi moja ya hali tatu: 0 haijaguswa, 1 bado tumo ndani yake, 2 tumeimaliza.

```
def mzunguko(k):
    if hali[k] == 1: return True
    if hali[k] == 2: return False
    hali[k] = 1
    for n in zinazofuata[k]:
        if mzunguko(n): return True
    hali[k] = 2
    return False
```

Msaili akanikatiza: "Hali tatu za nini? Alama moja inatosha. Ukikuta kozi yenye alama, huo ni mzunguko." Nikamchorea ubaoni: Hesabu inafungua Takwimu na Programu, na zote mbili zinafungua Uchambuzi wa Data. Unapita Hesabu, Takwimu, Uchambuzi, unauwekea alama. Unarudi, unashuka kwa Programu, unakuta Uchambuzi una alama. Kwa kanuni yake ni mzunguko, wakati hata mtoto anaona kozi hizo zinasomeka! Akasema nabishana. Asubuhi nikaletewa barua ya kukataliwa.

Kipanga: Pole mkuu. Ila alama moja inatosha, unaifuta tu unapotoka kwenye kozi.

Mama Kodi: Jibu litakuwa sahihi, Kipanga, lakini utapita kozi ileile upya kila unapoifikia kwa njia nyingine. Unganisha maumbo kama hilo 20, moja chini ya jingine, na njia zinakuwa 2 kwa kipeo cha 20, zaidi ya milioni moja. Hali ya 2 ndiyo inayokuzuia kurudia kazi iliyokwisha.

Mwanachuo: Hata mimi mfumo wa chuo umenikatalia Takwimu 2, eti sijafaulu Takwimu 1, na matokeo ninayo mkononi! Nimwone nani?

Mama Kodi: Mwanangu, hapo grafu haina kosa, matokeo yako hayajaingizwa. Nenda kwa msajili.

Kipanga: Basi mleta uzi angetumia njia ya Kahn ya 1962: weka kwenye foleni kozi zisizodai kitu, kila ukitoa moja punguza madai ya zinazoifuata. Foleni ikiisha kabla ya kozi kuisha, kuna mzunguko.

Mleta uzi: Naijua! Lakini msaili alitaka pia nizitaje kozi zilizofungana. A ikidai B na B ikidai A, kisha C ikadai B, kwa Kahn zinabaki zote tatu, na C haina hatia.

Mama Kodi: Ungezipunguza zilizobaki kwa kuanzia mwisho: C haifungui kitu, inatoka.

Mleta uzi: Na kozi iliyo katikati ya mizunguko miwili, inayodai huu na kufungua ule? Hiyo haitoki upande wowote, mama. Kwa hali tatu, nikigonga 1 nafuata njia niliyojia, mzunguko ndio huo. Nimewaandikia wapitie upya msimbo wangu. Hadi sasa kimya.