Msimamizi kaniandikia "Ajira ipi? Kijana yupi?" Nisaidieni utangulizi wangu

Binti Mpwapwa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika tasnifu kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mimi nimechukua upande wa vijana, kata moja tu, na nimewahoji 30 waliopata mkopo.

Hoja yangu kwenye utangulizi imekaa hivi: Vijana wengi wa kata hii hawana ajira. Mkopo wa halmashauri umewawezesha kuanzisha shughuli za kiuchumi. Kwa hiyo mkopo umepunguza ukosefu wa ajira kwa vijana.

Niliona imenyooka. Msimamizi karudisha kurasa zote bila alama nyingine yoyote isipokuwa hayo maswali mawili pembeni, ajira ipi, kijana yupi. Sura ya pili nimeweka sehemu nzima ya "Maana ya Istilahi" yenye maneno 14, na ajira imo. Sasa anataka nini zaidi? Nimekesha siku mbili na sielewi.

Kalamu ya Risasi

Dada, hapo hujakosea sana. Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, weka maana ya "ajira" na "kijana" kwenye aya ya kwanza, umemaliza. Msomaji akijua neno lina maana gani hawezi kukubana. Mimi nilifanya hivyo nikapita.

Mzee wa Dodoso

Kalamu, upo sahihi kwamba maana ije mapema, isingoje sura ya pili. Ila kamusi haitamwokoa. Kamusi inakuambia watu wanalitumiaje neno, haikuambii umpange wapi mtu mwenye genge la nyanya anayefungua siku mbili kwa wiki. Na tasnifu yake inasimama au inaanguka kwa huyo huyo mwenye genge.

Binti, nimezunguka na madodoso ya nguvu kazi miaka mingi, nikuulize jambo moja. Uliwauliza swali gani hasa, kwa maneno yapi, kujua kama walikuwa na ajira kabla ya mkopo?

Binti Mpwapwa

Niliuliza, "Kabla ya kupata mkopo ulikuwa na ajira?" Watu 22 walisema hapana. Halafu swali lililofuata, "Ulikuwa unafanya nini kujipatia kipato?" Kati ya hao 22, watu 17 walitaja kitu: vibarua vya shamba, kufyatua tofali, kuendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya siku, kuuza maandazi. Watano tu ndio walisema walikuwa nyumbani.

Mzee wa Dodoso

Hapo ndipo msimamizi wako alipoona. Soma tena sentensi zako tatu polepole.

Katika sentensi ya kwanza "ajira" ni ile ya mtaani kwetu: kuna bosi, kuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa maana hiyo watu 22 hawana ajira, sawa kabisa. Katika ya pili umeleta "shughuli za kiuchumi", yaani pikipiki yake mwenyewe, banda la kuku. Katika ya tatu unasema ukosefu wa ajira umepungua, maana yake ile shughuli sasa umeihesabu kuwa ajira. Neno ni lile lile ila limebadilika njiani, wala hukumwambia msomaji.

Sasa lishikilie lisibadilike uone. Ukishika maana ya mshahara, kabla ya mkopo 22 hawana ajira, na baada ya mkopo ni 22 wale wale, kwa sababu hakuna bosi aliyewaajiri. Mkopo haujapunguza kitu. Ukishika maana ya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida angalau saa 1 katika wiki inayoulizwa anahesabiwa ana ajira. Basi wale 17 walikuwa nayo tangu mwanzo, wamebaki watano. Na hao watano bado hujui kama walikuwa wanatafuta kazi na wako tayari kuianza, maana kipimo hicho kinadai yote mawili. Ufafanuzi wa kitaifa tunaotumia Tanzania ni mpana zaidi, unamchukua hata aliye tayari ambaye hakutafuta.

Kwa hiyo 22, au 5, au chini ya 5. Data ni ile ile.

Fundi Cherehani

Samahani, mimi naomba kujua, hicho kikundi cha vijana lazima muwe wangapi ndiyo mpewe? Sisi tupo wanne na tuna cherehani mbili.

Binti Mpwapwa

Kaka, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ndiye anayewasajili. Hapa tunajadili maandishi.

Mzee, nimesoma mara tatu. Nimeumia kwa kweli, kwa sababu watu wale maisha yao yamebadilika, nimeyaona kwa macho yangu.

Nyanza Mwalimu

Mimi naandika kutoka Kisumu. Kuhusu "kijana" nawe una shida ambayo mimi pia ilinipata. Katiba yetu ya 2010 inamtaja kijana kuwa aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Nikachukua takwimu za Umoja wa Mataifa ambazo ni 15 hadi 24, nikazilinganisha na vijana wangu bila kujua. Jedwali langu lilionekana safi, kumbe upande mmoja wana miaka 20 na upande mwingine wana watoto wawili na shamba. Wewe umetumia umri gani?

Binti Mpwapwa

Utangulizi nimeandika 15 hadi 35, kwa kufuata Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007. Ila mkopo hupewi kabla ya miaka 18, kwa hiyo niliowahoji wote wamevuka 18.

Mzee wa Dodoso

Basi wa 15 hadi 17 umewaahidi kwenye utangulizi na hawawezi kuonekana popote kwenye data. Andika 18 hadi 35 na useme sababu, sentensi moja inatosha.

Na yale maneno 14, yapunguze. "Halmashauri" na "kata" hakuna anayebishana nawe. Fafanua lile ambalo ukilibadilisha maana, hitimisho nalo linabadilika. Kwako ni mawili tu. Kisha chukua maana uliyoichagua, iweke mahali pa neno lenyewe katika kila sentensi yenye hoja. Ikigoma kukaa, hapo ndipo ulipoteleza.

Kalamu ya Risasi

Nakubali kuhusu kamusi. Ila Mzee, hiyo saa 1 kwa wiki mimi siikubali. Mtu amefyatua tofali asubuhi moja unamwita ana ajira? Yeye mwenyewe anakwambia hana. Kwa nini maana ya ofisini ishinde ya kwake?

Mzee wa Dodoso

Swali zuri, na sitakudanganya kwamba lina jibu moja. Kipimo kile kinafaa kulinganisha nchi na nchi, mwaka na mwaka. Kinaficha ugumu wa maisha, hilo ni kweli. Anaweza kuchagua maana ya wahojiwa wake, mradi aiseme na aifuate hadi mwisho, hata pale itakapomwumiza.

Binti Mpwapwa

Nimeandika upya, naomba mnipime: "Katika utafiti huu, kijana ni mtu wa miaka 18 hadi 35, kwa kuwa aliye chini ya 18 hapewi mkopo. Utafiti haupimi kama mkopo ulimpa ajira asiyekuwa nayo, bali kama ulimhamisha kutoka kazi ya kibarua au ya chombo cha mtu mwingine kwenda shughuli anayoimiliki mwenyewe."

Nyanza Mwalimu

Hii inapimika. Lakini "anayoimiliki", na pikipiki ni ya kikundi cha watu watano?

Binti Mpwapwa

Eeh. Wapo wanane wa namna hiyo. Narudi kwenye madodoso.