Mada: Kibali kimetoka, sasa meseji ya jamaa wa steshenari. Anaomba, anakopa au anadai?

Wanjiru, Sakina. Jumapili, saa 3 usiku

Hamjambo wote. Kibali changu cha ukaazi cha daraja B kimetoka Ijumaa baada ya wiki tisa. Leo nikitoka kanisani nikakuta meseji ya yule jamaa wa steshenari iliyo mkabala na ofisi ya Uhamiaji, aliyenijazia fomu kwenye mfumo. Siku ile nilimlipa elfu kumi yake ya kujaza na kupakia picha, na ada nikailipa mwenyewe kwa kontroo namba. Hatujaongea tena tangu siku hiyo. Nainakili ilivyo:

"Bwana Yesu asifiwe dada yangu mpendwa. Habari za tangu siku ile, za kazi na familia? Sisi huku Mungu anatupigania. Nimefurahi kibali kimetoka, utukufu kwa Bwana, maana ukiona vyaelea vimeundwa. Dada, mficha uchi hazai. Mwanangu anapata kipaimara mwezi huu na mambo yamenibana. Neno linasema amhurumiaye maskini humkopesha Bwana, Mithali 19:17. Chochote utakachobarikiwa nitashukuru, hata laki moja. Namba ni hii hii, litatokea jina la wifi yako. Ubarikiwe na Bwana akuzidishie."

Nimeisoma mara nne. Laki moja ni kama elfu tano za kwetu Kenya, si kidogo. Anaomba, anakopa, au ananiambia kwa heshima kwamba kuna watu walilisukuma faili langu na sasa wanangoja? Na alijuaje kwamba kibali kimetoka, wakati nimemwambia mume wangu tu? Pasi ya mtegemezi ya mwanangu bado imo mle ofisini. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Nisipotuma, itakwama?

Otieno, Usa River

Usitume hata senti. Hiyo ni rushwa iliyovishwa kanzu. Sheria ya 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji, kwa hiyo ukituma na wewe una kesi. TAKUKURU ni 113, bure.

Mwaka wangu wa kwanza hapa mwenye nyumba aliniandikia "Asalaam aleykum ndugu yangu, mgeni njoo mwenyeji apone." Nikadhani ananikaribisha, nikajibu asante sana. Kumbe chini yake kulikuwa na habari ya tangi la maji lililopasuka. Nikatoa 150,000. Baadaye jirani akaniuliza kama nilisoma mkataba, nikakuta matengenezo ya tangi ni juu yake. Tangu siku hiyo nikiona methali naweka simu chini.

Chebet, Majengo, Moshi

Otieno, si kila mtu ni mwenye nyumba wako. Mimi nililia kwa kosa la upande wa pili. Mama mmoja anayeniletea mboga aliniandikia: "Tumsifu Yesu Kristo mama. Pole na majukumu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Naomba uniazime elfu ishirini, nitakurejeshea tarehe 30." Nikatuma, nikaisahau, kwangu ilikuwa sadaka. Tarehe 28 akaja mlangoni, akafungua fundo la kanga kiunoni, noti mbili za elfu kumi zimekunjwa mara nne, na mkononi parachichi tano kwenye mfuko. Nikamwambia akae nazo. Uso ulimbadilika. Akaniuliza, "Mama, kwani mimi nilikuomba?" Alikaa wiki tatu bila kuleta mboga.

Alisema *uniazime* na akataja tarehe. Mimi ndiye sikusoma.

Kamau, Njiro

Samahani, ila hakuna aliyeona kubwa zaidi? Mwanamume anamwandikia mke wa mtu habari ya uchi! Wanjiru, mwonyeshe mzee wako hiyo meseji leo leo, na hiyo namba uifunge.

Zuhura, Kijenge

Kamau, methali hiyo tumekua nayo Mombasa. Mficha uchi hazai: mwenye shida akiona haya kuisema hapati msaada. Hakuna utongozi hapo.

Na hiyo nyingine pia mnaitia sumu bure. Ukiona vyaelea vimeundwa ni maneno ya vyombo vya baharini. Chombo hakielei chenyewe, kuna fundi aliyeumia. Anakusifu kwamba umehangaika wiki tisa mpaka ukapata. Huku bara mnachukua methali ya pwani mnaigeuza.

Mwalimu Mghoi, Moshi

Nimefundisha Kiswahili hapa miaka kumi na tisa na meseji za namna hii napata kila wiki, nyingi za kweli. Kwanza salamu iwekeni kando. "Bwana Yesu asifiwe" haikuambii kama mtu ni mwaminifu wala tapeli. Huku hata anayekuja kuazima ngazi anaanza hivyo. Ukijibu "Amina" hujaahidi kitu, na usipojibu umemtukana kabla hujamnyima. Habari za kazi na familia ni vilevile. Sisi Wakenya tunaandika "Sasa, nitumie soo tano" na imekwisha, kwa hiyo tunadhani mstari wa tatu wa salamu ni mtego. Sivyo, ni kugonga mlango tu.

Angalia kitenzi. Chebet ameeleza vizuri: niazime, nikopeshe, tena kuna tarehe, hilo ni deni. Kwa Wanjiru hakuna kitenzi cha kukopa popote. Neno "humkopesha" limo, lakini soma anayekopeshwa ni nani. Ni Bwana, "naye atamlipa kwa tendo lake jema." Anayetumia Mithali 19:17 amekwisha kukuambia nani atakurudishia, na si yeye. Kwa hiyo usingoje tarehe. "Chochote utakachobarikiwa" ni adabu. Hesabu yake ni ile inayofuata "hata".

Pili, kipaimara. Ni jambo kubwa kweli mkoani huku, na watu huchangishana. Lakini mchango wa kweli huja na kadi, au angalau jina la mtoto, usharika, tarehe ya ibada na sherehe itafanyikia wapi. Hapa hakuna hata jina la mtoto. Muulize kadi. Mwenye sherehe ataituma kwa furaha, na ukitoa elfu kumi au ishirini kwa mtu mliyejuana kaunta tu hakuna atakayekucheka.

Bi Zuhura, maana ya asili umeieleza sawa, ila hujatazama imewekwa wapi. Angetaka kumsifu Wanjiru angesema mvumilivu hula mbivu. Yeye ameandika "vimeundwa" mara tu baada ya kibali, bila kumtaja fundi, kisha akaomba. Katika meseji nzima ni sentensi hiyo moja tu isiyolainisha kitu. Inadai fadhila. Ningeiona ya heri kama ingekuja peke yake.

Swali langu kwa Wanjiru: alipokufungulia akaunti kwenye mfumo, aliandika barua pepe ya nani?

Zuhura, Kijenge

Mwalimu, nimeitazama vizuri sana ilipowekwa. Utukufu kwa Bwana, halafu vimeundwa. Fundi ametajwa: ni Mungu. Umemhukumu mtu kwa nukta.

Mwalimu Mghoi, Moshi

Inawezekana, Bi Zuhura. Ndiyo maana nimeuliza habari ya barua pepe.

Wanjiru, Sakina. Jumatatu, saa 2 asubuhi

Nimekwenda kutazama ile karatasi ya maombi, nakala niliyobaki nayo. Jina langu, namba ya pasipoti yangu, simu yangu. Barua pepe si yangu. Ni ya steshenari.

Nakumbuka sasa. Aliniuliza kama ninayo, nikasema nimesahau neno la siri, akasema "usijali dada, tutaweka ya hapa." Kulikuwa na foleni nyuma yangu.

Mwalimu Mghoi, Moshi

Basi hilo la kujua limekwisha. Taarifa kwamba kibali kimekubaliwa ilifika kwenye sanduku lake kabla hujaambiwa wewe. Kujua huko si ushahidi kwamba ana mtu ndani. Wako wanaojaza kwa barua pepe yao kwa sababu wateja wengi hawana, hakuna ubaya, na wako wanaoona taarifa ikiingia wakaigeuza kuwa "nimekusaidia." Pesa ya serikali imekwishalipwa kwa kontroo namba yenye jina lako. Kilicholipwa kwa namba ya simu ya mtu ni cha huyo mtu.

Otieno, Usa River

Ndiyo nilivyosema. Tapeli.

Chebet, Majengo, Moshi

Hukusema hivyo. Ulisema rushwa. Tapeli anauza asichonacho, mla rushwa anauza cha ofisi. Na bado inawezekana ana mtoto kweli na kipaimara kweli na mambo yamembana kweli. Mtu anaweza kuwa na shida ya kweli na akatumia maneno yasiyo sawa kuiomba.

Kamau, Njiro

Haya, nimeelewa ya uchi, Bi Zuhura, samahani. Lakini mnaniambia Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kutumika 2010, makao makuu ya Jumuiya yako hapa hapa Arusha, naweza kuyafikia kwa miguu, na mama wa Kikenya bado anakaa wiki tisa akingoja karatasi na kumwogopa mtu wa fotokopi? Marais wakikutana hapa wanapigwa picha wameshikana mikono. Namanga ni mwendo wa saa mbili hivi. Siku nyingine naegesha gari upande huu nautazama upande wetu, nasikia makanga wanavyopigia abiria kelele kwa lugha ya nyumbani, najikuta nacheka peke yangu.

Zuhura, Kijenge

Mimi nakosa mahamri ya asubuhi. Hapa nikiuliza napewa maandazi.

Wanjiru, Sakina. Jumatatu, saa 12 jioni

Nimemjibu hivi, Mwalimu alinisaidia kwa simu kupanga maneno: "Amina kaka, asifiwe sana. Nasi tunamshukuru Mungu. Hongera kwa mtoto kufikia kipaimara. Kwa sasa sijakaa sawa kwa kiasi hicho, ila naomba unirushie kadi ya mchango nami nione nitakachoweza. Pia naomba unisaidie kubadilisha barua pepe kwenye maombi ya mwanangu, niweke yangu. Ubarikiwe, msalimie wifi."

Mwalimu alinizuia kuandika hapana. Alisema hapa "sijakaa sawa" inatosha na kila mtu anaielewa, na kuomba kadi hakumuaibishi.

Amejibu baada ya dakika ishirini: "Amina dada. Kadi bado ziko kwa mchapaji. Ya barua pepe njoo Jumatano, jioni ndiyo nafunga hesabu."

Sijui niisomeje hiyo. Jumatano jioni, kwa nini jioni? Kuna mtu aliyewahi kubadilisha barua pepe ya maombi yakiwa tayari yameshapelekwa, au ni lazima niende dirishani mwenyewe na pasipoti ya mtoto?

Otieno, Usa River

Nenda na mzee wako.

Chebet, Majengo, Moshi

Nenda asubuhi, dukani kukiwa na watu. Na chukua elfu kumi ya kadi, iwapo atakuwa nayo.

Kamau, Njiro

Kuna anayevuka Namanga Alhamisi? Nina bahasha ya mama yangu, Kitengela, na dawa zake za presha.