Nataka kuachana na mtengenezaji wa apu yetu, nianzie wapi nisije nikafungiwa nje?

Mchuuzi wa Mwanza
Habari zenu wakuu. Tunauza vipuri vya pikipiki kwa jumla. Kijana anayejitegemea alitutengenezea apu ya Android ya kupokea oda. Kazi yake ni nzuri, ila siku hizi ukimwomba marekebisho anapotea wiki nzima, na wateja wanatulaumu sisi. Mkataba unaruhusu kuvunja kwa notisi ya siku 30, na bado hatujamlipa awamu ya mwisho. Tatizo: apu iko Play Store kwa akaunti yake, seva analipia kwa kadi yake tunamrudishia, msimbo uko GitHub kwake. Sijamwambia bado. Nianzie wapi?

Baba Nuru
Pole sana. Nenda polisi mapema. Shuleni kwetu fundi aliondoka na jina la tovuti, mpaka leo tunatumia jingine.

Mchuuzi wa Mwanza
Baba Nuru, huyu hajaniibia kitu, na tunaelewana vizuri. Nataka tuachane kwa heshima.

Kaka Seva
Mwombe zipu ya msimbo kwa kisingizio chochote, badilisha nywila zote usiku, asubuhi mpe barua. Umemaliza.

Fundi Kitasa
Nywila ni kweli zibadilishwe, lakini mwishoni. Na hapa utabadilisha nywila gani, wakati akaunti zenyewe ni zake? Kila kitu kinategemea yeye akubali kukabidhi, kwa hiyo kisingizio kitakuharibia.

Leo, kabla ya barua, fungua akaunti ya Play Console kwa jina la kampuni. Ada ni dola 25 mara moja tu, ila akaunti ya kampuni inadai namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kampuni, na kuipata kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Hiyo ndiyo itakayokuchelewesha. Ikishathibitishwa, yeye anaomba Google wahamishe apu kuja kwako, na wateja, nyota na maoni vinakuja nayo. Usikubali akwambie utapakia upya: hiyo itakuwa apu nyingine, na kila mteja atalazimika kuipakua tena.

Akupe pia faili la `.jks`, yaani ufunguo wa kutia saini matoleo ya apu, na nywila zake. Likipotea na apu iko kwenye Play App Signing, ambako Google ndio wanaotunza ufunguo mkuu wa saini, mwenye akaunti anaweza kuomba ufunguo mpya wa kupakia. Kama haiko humo, hutaweza tena kutoa toleo jipya la apu hiyo.

Zipu haitoshi. GitHub wana uhamisho wa hazina nzima, pamoja na historia yake. Kisha mtafute fundi wa pili, achukue msimbo kwenye kompyuta isiyowahi kuguswa na mradi huu, ajenge apu, aiwashe kwenye seva mpya mliyolipia wenyewe, na atume oda ya majaribio mpaka meseji imfikie mteja. Mara nyingi inakwama hapo, kwa sababu faili la `.env` lenye funguo za malipo na za meseji haliwekwi GitHub. Afanye haya kijana akiwa bado kwenye notisi, ili aulizwe.

Binti Pwani
Mimi ni mtengenezaji wa kujitegemea. Malipo ya kazi iliyokwisha msiyashikilie kama rehani. Mteja akinifanyia hivyo, sihamishi chochote mpaka pesa iingie.

Fundi Kitasa
Una haki, dada. Basi kazi iliyokwisha ilipwe siku ya notisi, na makabidhiano yawe kazi mpya yenye bei yake, inayolipwa oda ya majaribio ikipita.

Mchuuzi wa Mwanza
Hilo nitamweleza bila aibu. Nikishahamia seva mpya, bado anaweza kuingia?

Fundi Kitasa
Usinakili seva nzima, maana utahamisha na milango yake. Hamisha msimbo na data tu, kisha angalia:

```
cat ~/.ssh/authorized_keys
crontab -l
```

La kwanza linaonyesha funguo za wanaoweza kuingia bila nywila, kwa hiyo kubadilisha nywila peke yake hakumzuii. La pili ni kazi zinazojiendesha. Rudia kwa kila mtumiaji wa seva, pamoja na root. Halafu omba funguo mpya za malipo na za meseji, weka kwenye `.env`, jaribu oda, ndipo ufute za zamani. Ukianza na kufuta, meseji zitakatika saa za kazi. Na akaunti ambazo namba za uthibitisho zinaenda kwenye simu yake, zihamishie laini ya ofisi akiwa bado anapokea simu zako.

Kaka Seva
Sawa, nimekuelewa. Ila msimbo si wa mchuuzi tayari? Alilipia.

Binti Pwani
Angalia mkataba unasemaje kuhusu hakimiliki. Nina vipande vyangu ninavyotumia kwa wateja wote, na hivyo siuzi, natoa ruhusa ya kuvitumia tu.

Mchuuzi wa Mwanza
Mkataba wetu una kurasa 2, na neno hakimiliki halimo. Kesho naanza na D-U-N-S, na karatasi ya makabidhiano nampelekea wakili kabla ya barua.